Usishindane na mpiga kelele, linda mkutano

Kila mwaka, kufikia Aprili 30, serikali za kaunti hutakiwa kuwasilisha makadirio ya bajeti kwa bunge la kaunti. Kabla ya hapo wakazi huitwa watoe maoni, na mitaani mkutano mara nyingi huwa uwanjani: hema, viti vya plastiki, spika na maiki moja. Siku hizi vijana ndio hupewa hiyo maiki waongoze. Na hapo ndipo jamaa aliyesimama kando huanza: "Waongo nyinyi! Mmelipwa ngapi?"

Wengi hudhani kazi yao sasa ni kumnyamazisha kwa maneno makali. Sisi tunasema sivyo. Kazi yako ni kuwashikilia wale mia mbili waliokuja kusikiliza, na wao ndio wa kutazama, si yeye.

Anza na vichwa vya watu wa nyuma. Wakigeuka kumtazama, basi wamemsikia na huna budi kumjibu. Wasipogeuka, anasikika mbele tu, kwa hivyo endelea na hoja yako. Wewe una spika, yeye hana. Ukimjibu mtu ambaye watu wa nyuma hawajamsikia, wao wanasikia nusu ya ugomvi na kujiuliza huyu anagombana na nani. Hapo ndipo wanaanza kuondoka mmoja mmoja.

Tuseme mnajadili mtaro wa maji taka, naye anapaza sauti: "Wezi! Taa za mwaka jana ziko wapi?" Kila mtu amesikia. Maliza sentensi yako, kisha nyamaza kidogo. Halafu rudia swali lake kwa maiki, ukiacha matusi: "Mzee wangu anauliza taa tulizoahidiwa mwaka jana ziko wapi. Nimekuelewa vizuri?" Sasa uwanja mzima una swali moja, na huenda wengi walikuwa nalo moyoni. Mwambie katibu aliandike mbele ya wote. Mwambie afisa wa kaunti alijibu kabla ya kurudi kwa mtaro. Kisha mpe mzee dakika mbili zake, lakini ishike maiki wewe mwenyewe. Ukiiachilia, kuirudisha itakuwa vita.

Dakika mbili zikiisha, mshukuru, geukia upande mwingine wa uwanja na umpe mama aliyeinua mkono. Akianza tena, usimtusi wala kumcheka. Ukiwa na spika na yeye ana koo tu, umati utamwonea huruma yeye. Mtume mtu anayemfahamu, ikiwezekana wa rika lake, asimame kando yake aongee naye polepole. Wale vijana wa misuli waacheni nyumbani. Akivutwa shati tu, simu zote zitainuka kurekodi na mkutano utakuwa umekwisha, bana.

Njia hii ina mipaka yake. Humfaa mwenye hasira na hata mlevi, lakini si kundi lililokodiwa. Utalitambua vipi? Huja pamoja kisha hutawanyika pembe zote, kelele yao ni ile ile hata mada ikibadilika, na ukiwapa nafasi ya kuzungumza hawaitaki. Kwa hao, kuongeza sauti ya spika ni kuwapa mashindano waliyokuja kutafuta. Izimeni. Gawanyeni watu katika vikundi vya kumi kumi, kila kimoja na mtu mwenye kalamu, na maoni yaandikwe karatasini. Ni vigumu kuzomea vikundi ishirini vinavyoongea kwa sauti ya chini. Lakini jiwe la kwanza likirushwa, fungeni mkutano na muwatoe watu salama. Tarehe nyingine itapatikana.

Kwa nini tunalisisitiza hili? Kwa sababu daftari la mahudhurio kwa kawaida hutiwa saini watu wanapoingia. Mkutano ukivurugika baada ya dakika ishirini, majina yapo lakini maoni hayapo, na kaunti bado inaweza kusema umma ulishirikishwa. Aliyepiga kelele hajapoteza kitu. Aliyepoteza ni mkazi ambaye mtaro unafurika mlangoni mwake na hakufikiwa na maiki.

Kwa hivyo maafisa wa kaunti wasihesabu saini kuwa maoni. Mkutano ukivunjika, urudiwe. Nanyi vijana mnaopewa maiki, kubalianeni mapema ni nani katibu, ni nani ataenda kuongea na mpiga kelele, na kila mtu ana dakika ngapi. Mtangaze dakika hizo mwanzoni kabisa, kabla mtu yeyote hajakasirika. Sheria iliyotangazwa mapema ni ya wote. Inayotangazwa katikati ya kelele huonekana imetungwa kwa ajili ya mtu mmoja, naye atakuwa na haki ya kulalamika.