Mto Haukutoa Tarehe, Karani Ataitoa Wapi?

Mwezi wa Aprili 2024, Mto Rufiji ulipofurika ukazamisha vijiji na mashamba ya Rufiji na Kibiti, ndugu yetu mmoja, karani wa bohari mjini Dar es Salaam, alimwendea mwajiri wake kuomba ruhusa akajitolee katika kambi ya waliohamishwa. Aliulizwa neno moja tu: utarudi lini? Akajibu kwa uaminifu kwamba hajui. Akaambiwa asiyejua siku ya kurudi hana ruhusa. Wiki ile ile mwajiri huyo alipeleka unga kwa walioathirika, akapigwa picha kando ya magunia.

Sisi hatuukatai unga. Lakini twauliza: magunia yale yalipokelewa na nani? Nani aliyeyahesabu, akaandika majina ya kaya, akahakikisha mjane wa mwisho katika foleni hakurudi mikono mitupu? Hiyo ndiyo kazi ya karani wa bohari, na bwana yule alimzuia mtu mwenye kuiweza.

Wengi hudhani msaada wa mafuriko ni mashua na kamba, siku tatu nne, basi. La! Uokoaji ndio sehemu fupi. Nyumba za udongo hubomoka hata maji yakiisha kupungua, visima huingia uchafu wa vyoo, na kambi haifungwi mpaka watu wapate pa kulala. Tena mvua haina mkataba na mtu. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikwisha kuua watu 155 nchini. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kikaikabili pwani, na barabara ya Lindi ikakatika kule Somanga. Mtu aliyeapa mwezi wa Aprili kwamba angerudi tarehe fulani angekuwa ama mwongo ama mtabiri.

Sasa tuseme kweli juu ya sheria, maana wenzetu wengi hudanganyika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo kwa mwaka, sikukuu zikihesabiwa humo, na mwajiri ndiye mwenye kupanga wakati wake. Siku nne za dharura zilikuwa kwa ajili ya mtoto mgonjwa au msiba wa jamaa wa karibu. Mafuriko ya jirani hayakutajwa. Zaidi ya hayo, siku za malipo alizopewa mtu kwa ombi lake mwenyewe mwajiri aliweza kuzikata katika zile 28. Na kanuni za mwaka 2007 zilihesabu kutokuwapo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa kuwa kosa la kufukuzisha mtu. Kwa hiyo anayeondoka kwa hasira na moyo mwema, bila karatasi, anamkabidhi bwana kisu.

Karani wetu alikuwa amebakiwa na siku 18 za likizo. Alipokuja kwetu tuliandika naye barua ya pili. Iliomba siku hizo 18 kuanzia Jumatatu tarehe 22 Aprili, yaani mpaka Alhamisi tarehe 9 Mei. Baada ya hapo iliomba likizo bila malipo, wiki moja moja, kila wiki ikiombwa upya kabla ya Ijumaa adhuhuri. Ilitaja kambi, mkuu wa kambi na kazi atakayofanya. Ilitaja pia mwenzake aliyekubali kushika funguo na daftari, na ikasema kwamba bohari ikikwama aitwe, atarudi kwa siku mbili. Basi mwajiri hakuwa tena na fumbo la miezi. Alikuwa na wiki moja ya kuamua. (Hofu yake hatuidharau: bohari bila karani huibiwa.)

Alikubali zile 18, akazikataa wiki za baadaye. Tarehe 10 Mei karani alikuwa mezani pake, na kule kambini daftari la kaya likabaki kwa mtu aliyejifunza kwa siku moja.

Hapo ndipo twavilaumu vyama vya wafanyakazi. Kila mwaka wanakaa na waajiri kujadili mkataba wa hali bora, wanabishana juu ya nauli na sare, wanakunywa chai, wanatia sahihi. Wadai kifungu kimoja: maafa yakitangazwa, mfanyakazi mwenye barua ya kambi apewe ruhusa ya wiki moja moja, mwajiri asikatae bila kuandika sababu, kazi yake ingoje, siku hizo zisikatwe katika zile 28. Anayekwenda kupiga picha tu hatapata barua ya mkuu wa kambi, na akipata, arudishwe.

Matawi yatuletee majina ya viongozi watakaolikataa jambo hili mezani. Tutayachapa.