Kwa nini nondo huzunguka taa badala ya kuikimbia?

Taa ya kibarazani ikiwashwa jioni, haipiti muda nondo wanafika. Hawa ni wale wadudu wa usiku wanaofanana na vipepeo, wengine wa kahawia, wengine weupe. Huzunguka taa, hugonga balbu, huanguka, kisha huinuka na kuanza upya. Mtoto akiuliza kwa nini hawaondoki, wazazi wengi hujibu kwamba nondo hupenda mwanga au hufuata joto.

Jibu la joto lina walakini. Taa za siku hizi za LED hazitoi joto kubwa kama balbu za zamani, na bado nondo huzizunguka. Jibu jingine lililozoeleka ni kwamba nondo hudhani taa ni mwezi anaoutumia kujua njia. Nalo limetiwa shaka na utafiti uliochapishwa Januari 2024.

Watafiti, wakiwemo Samuel Fabian wa Chuo cha Imperial cha London na Yash Sondhi, waliwarekodi wadudu wakiruka karibu na taa, maabara na pia porini nchini Kosta Rika. Walitumia kamera za kasi zenye miale isiyoonekana kwa macho, ili kamera zenyewe zisiwavuruge wadudu. Video zilipochezwa polepole, jambo moja lilijirudia: mdudu hakuwa akiielekea taa moja kwa moja. Alikuwa akiigeuzia mgongo.

Sababu yake ni hii. Mdudu anayeruka lazima ajue juu ni wapi na chini ni wapi. Binadamu husaidiwa na sikio la ndani, lakini mdudu mdogo anayekata kona kwa kasi hewani hawezi kutegemea uzito wa mwili wake peke yake. Kwa hiyo hutumia njia rahisi: upande wenye mwanga zaidi ndio juu, basi mgongo uelekee huko. Kwa mamilioni ya miaka njia hiyo imefanya kazi vizuri, kwa sababu hata usiku anga huwa na mwanga kuliko ardhi.

Taa imevuruga kanuni hiyo. Nondo akipita kando yake, hulaza mwili ili mgongo uitazame. Bodaboda ikilala upande mmoja hukata kona kuelekea upande huo, na nondo naye ni hivyo hivyo. Anapoendelea kuruka huku amelala upande wa taa, njia yake inapinda, na kwa kuwa hauachi mkao huo, anaishia kuzunguka. Akipita chini ya taa, hupanda wima hadi kasi inamwishia. Akipita juu yake, hupinduka kichwa chini miguu juu na kuanguka. Hajaamua kubaki hapo. Kila anapojaribu kujiweka sawa, anajirudisha kwenye taa.

Watafiti walilipima hilo kwa kitambaa cheupe. Kilipotandazwa juu na kuangazwa, kikawa kama anga, wadudu walipita chini yake bila shida. Mwanga ulipotoka kwenye kitambaa kilichotandazwa chini, walipinduka na kuanguka.

Maelezo haya yana mipaka. Yanahusu kinachotokea karibu na taa, wala hayaelezi kama kuna kinachowavuta wadudu kutoka mbali. Pia si wadudu wote walifanya hivyo: nondo mmoja mkubwa aina ya oleanda na vijinzi vya matunda waliweza kupita juu ya taa bila kupinduka.

Kwa familia, suala hili linagusa pia ngozi za watoto. Miongoni mwa wadudu wanaofuata taa usiku yumo nzi wa Nairobi, ambaye kwa kweli ni mbawakawa mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi. Hang'ati, lakini akipondwa kwenye ngozi, sumu iliyo mwilini mwake huunguza na kuleta malengelenge, mara nyingi baada ya siku moja au mbili. Mtoto afundishwe kumpuliza atoke, asimpige kofi. Akipondeka, sehemu hiyo ioshwe mara moja kwa maji na sabuni, na mikono isiguse macho.

Kupunguza wageni hawa si kazi ngumu. Taa ya nje iwekewe kofia inayoelekeza mwanga chini, na isimulike kutoka chini kwenda juu. Balbu ya rangi ya manjano huvuta wadudu wachache kuliko nyeupe yenye ubuluu. Mapazia yafungwe mapema, na taa ya kibarazani izimwe pasipo na haja nayo. Ikizimika, kile kilichokuwa kikimlaza nondo upande mmoja kinatoweka, naye anaweza kwenda zake.