Mtu wa Pili Katika Mkataba wa Sanduku la Benki
Fomu ya kukodi sanduku la benki, yaani kisanduku cha chuma kilichomo katika chumba cha hazina na kinachofunguliwa kwa funguo mbili, mmoja wa benki na mwingine wa mpangaji, ina mstari ambao wengi huujaza harakaharaka: jina la mtu wa pili. Ada ya mwaka na gharama ya kutoboa kufuli ufunguo ukipotea husomwa kwa makini, kwa kuwa zinagusa mfuko, lakini mstari huo ndio wenye uzito. Mfanyabiashara wa Bunda anayehifadhi humo hati ya kiwanja cha Musoma na vipande vya dhahabu ya Buhemba, akimwandika mdogo wake, kwa kawaida humpa ruhusa ya kufungua tu, si umiliki. Na kwa kuwa uwakala, yaani mamlaka ya kutenda kwa niaba ya mwingine, hukoma mwenye kuutoa anapofariki, mdogo huyo atazuiwa benki ikishapata habari ya msiba, mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Hapo ndipo kifungu cha mkataba kuhusu ukomo wa dhima ya benki kinapouma, kwani benki haijui kilichomo, nayo bima ya amana, inayolinda fedha za akaunti hadi shilingi 7,500,000, haihusu vitu vya sandukuni. Dhahabu haiozi, bali anayeijua idadi yake huzikwa. Kumwandika mtu wa pili bila kuacha orodha ya vitu iliyotiwa saini na kuwekwa nje ya sanduku ni kuwaachia warithi kesi. Na kwa mzee wa Butiama mwenye wake zaidi ya mmoja, kila nyumba inastahili nakala yake ya orodha hiyo.