Kiporo Hakionekani Katika Picha

Si jambo geni siku hizi mzazi wa mjini Dodoma kupiga picha ya chakula cha mtoto kabla hajakifunika, kisha kuituma kwa simu kwa ndugu au rafiki pamoja na swali fupi: je, chakula hiki kitakaa salama mpaka mchana bila jokofu? Majibu huja upesi. Mmoja husema kinapendeza, wa pili hushauri nyama iondolewe, wa tatu hukumbusha kwamba yeye alilelewa kwa chakula cha namna hiyo na hakudhurika. Swali ni jema, na anayeliuliza anastahili sifa. Kasoro ni kwamba linaelekezwa kwenye kitu ambacho hakina jibu. Picha huonyesha chakula kilivyo alfajiri. Madhara, kama yapo, mara nyingi yametengenezwa usiku.

Na ichukuliwe picha moja kwa mfano. Ni kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Ndani yake mna wali na maharage, yai la kuchemsha lililomenywa na kukatwa vipande viwili, na vipande vichache vya tango. Mfuniko umewekwa kando, na upande wake wa ndani una matone ya maji. Mtoto ataondoka nyumbani saa 12 asubuhi, naye atakula saa 6 na nusu mchana. Kontena litakaa saa sita na nusu ndani ya mkoba wa vitabu, chini ya dawati.

Yako mambo mawili ambayo jicho makini laweza kuyasoma katika picha hiyo. La kwanza ni matone ya mfuniko. Hayo ni mvuke wa wali uliofunikwa ungali moto, na maana yake ni kwamba wali huo utapoa polepole sana, kwa kuwa plastiki na madaftari yanayouzunguka huzuia joto lisitoke. La pili ni yai. Yai lililo katika ganda lake lisilo na ufa halijaguswa na mkono baada ya kuchemshwa. Yai lililomenywa na kukatwa limeguswa mara kadhaa, na juu ya ngozi na katika pua za watu wengi wenye afya kamili wamo bakteria waitwao stafilokoko, ambao wakipata chakula chenye uvuguvugu huzaana na kutoa sumu. Zaidi ya hayo, picha haisemi kitu. Haisemi wali ulipikwa lini.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili, kwa sababu wali una mgeni wake wa siku zote. Ni bakteria wa udongoni aitwaye Basilasi sereusi, ambaye hukaa juu ya punje za mchele, mtama na nafaka nyinginezo katika umbo la spora, yaani mbegu ngumu iliyolala. Maji yanayochemka hayaziui spora zote. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 96 hivi za sentigredi badala ya 100. Hata hivyo tofauti hiyo si hoja kubwa, maana spora nyingi huvumilia hata mchemko wa pwani. Kupika kwenyewe huziamsha. Wali ukishuka chini ya nyuzi 50 hivi, spora huanza kuchipua, na kati ya nyuzi 30 na 40 bakteria wanaotoka humo huweza kuongezeka maradufu kila baada ya nusu saa.

Sasa hesabu yenyewe, ambayo ni ya kukadiria lakini yatosha kuonyesha njia. Tuseme kila gramu ya wali ina bakteria 10 wakati ulipoiva. Ikiwa wali ulipikwa alfajiri hiyo hiyo na kufungwa ungali moto, saa moja au mbili za mwanzo hupita kwa joto kali na kwa spora kuamka. Zinabaki saa nne na nusu hivi za kuzaana. Hizo ni maradufu tisa, na 10 huwa 5,000 na ushei. Kwa kawaida ugonjwa huhofiwa pale idadi inapofikia 100,000 au zaidi kwa gramu. Wali huo haukukaa vizuri, lakini bado una nafasi.

Ikiwa ni kiporo, mambo ni mengine. Wali wa chakula cha jioni ulipikwa saa 1 usiku katika sufuria kubwa, ukapaliwa makaa juu ya mfuniko kama ilivyo desturi, nao uliobaki ukaachwa humo humo jikoni ili asubuhi mtoto apate cha kubeba. Sufuria iliyojaa hushika joto. Yawezekana ikae saa tano nzima katika uvuguvugu ule ambao bakteria wanaupenda, na hizo ni maradufu kumi, yaani mara 1,024. Tuseme kwamba katika saa tano zinazofuata, usiku ukiwa umepoa, wanaongezeka maradufu mara moja tu kwa saa. Hiyo ni mara 32 nyingine. Wale 10 wa kila gramu sasa ni zaidi ya 300,000, na mtoto bado hajaamka.

Mama mwenye uangalifu ataupasha moto wali huo kabla ya kuufunga, tena mpaka utoe mvuke. Atawaua bakteria wengi. Lakini baadhi ya jamii za bakteria huyu hutoa sumu iitwayo sereulidi, na sumu hiyo imejaribiwa katika maabara ikaonekana kuvumilia nyuzi 121 kwa dakika 90, joto ambalo jiko la mkaa na sufuria ya kawaida haviwezi kulifikia. Kupasha moto hakuiondoi. Picha ya kiporo kilichopashwa na picha ya wali mpya hufanana kwa kila hali: mvuke ule ule, matone yale yale, rangi ile ile. Hata harufu haisaidii, kwani sumu hii haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji.

Dalili yake ni kutapika, kuanzia nusu saa hadi saa sita baada ya kula. Kwa hiyo mtoto aliyekula saa 6 na nusu aweza kutapika saa 8 mchana, na nyumbani ikasemwa kwamba ni jua. Walio wengi hupona kwa siku moja, lakini si wote. Mwaka 2003 nchini Ubelgiji watoto watano wa familia moja waliugua kwa kula saladi ya tambi iliyotengenezwa siku ya Ijumaa, ikapelekwa matembezini Jumamosi, na mabaki yake yakaliwa Jumatatu. Msichana wa miaka 7 alifariki kwa kuharibika ini. Mabaki hayo yalikuwa yamewekwa katika jokofu, ila jokofu lenyewe lilipopimwa lilionekana lina nyuzi 14. Habari hiyo ifae kuwatuliza wale wanaodhani kwamba shida yote ya Dodoma ni kukosa jokofu.

Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili, na kinachotunzwa kikiwa moto kisishuke chini ya nyuzi 60. Kanuni hiyo ni sahihi, na imewekewa akiba ya usalama kwa makusudi. Ila mzazi wa Nkuhungu au Ipagala akiambiwa kanuni hiyo peke yake, atafanya mojawapo ya mambo mawili: atamnyima mtoto chakula, au ataipuuza kanuni. Yafaa zaidi aitumie kupanga ni kipi kiliwe kwanza. Shule nyingi zina mapumziko ya saa 4 asubuhi. Wali uliopikwa alfajiri na uliwe wakati huo, na mchana mtoto ale kile ambacho bakteria hawakifurahii kwa kukosa unyevu au kwa kuwa na ukali: maandazi makavu, kashata, zabibu kavu, ndizi au chungwa lisilomenywa. Maziwa mgando nayo yamo, mradi yalichemshwa kabla ya kugandishwa, kwa maana ukali wake huwazuia bakteria wengi wasizaane.

Wali utakaobebwa nao una namna yake. Ama ufungwe ukiwa moto hasa katika hotipoti iliyosuuzwa kwanza kwa maji yanayochemka, ama upozwe upesi kabla ya kufungwa. Kilicho kibaya kuliko vyote ni cha katikati, yaani kuufunga ukiwa moto ndani ya plastiki, na ndicho ambacho matone ya mfuniko yanakishuhudia. Kupoza si kazi ngumu katika uwanda wa kati. Wali ukitandazwa mwembamba juu ya sinia safi na kufunikwa wavu wa kuzuia nzi, ubaridi wa alfajiri huupoza kwa dakika chache. Hewa kavu yaweza kusaidia hata baadaye, kwa kanuni ile ile inayopoza maji ya mtungi: kontena lililofungwa vema, likizungushiwa kitambaa chenye maji na kuwekwa kivulini penye upepo, hushuka nyuzi kadhaa chini ya joto la chumba. Mwezi wa Julai huenda hilo lisihitajike. Oktoba na Novemba, wakati joto la mchana hukaribia nyuzi 31, linafaa sana. Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu, faida yake ni ndogo.

Karanga zimeachwa nje ya orodha kwa sababu. Ni kavu, hazihitaji jokofu, na kwa bakteria hazina neno. Lakini katika eneo hili hili, mwaka 2016, watu wapatao 20 walifariki mikoani Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwamo katika mahindi, na karanga hushambuliwa na kuvu hao hao. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo yote. Kuchagua punje moja moja na kutupa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu hupunguza hatari, ingawa punje nzuri ya kutazama nayo yaweza kuwa nayo. Hapa pia picha haifui dafu.

Kwa hiyo anayetuma picha aongeze mstari mmoja wa maandishi. Picha iliyoandikwa chini yake, “Wali umepikwa saa 11 alfajiri, umepozwa kwenye sinia, yai liko katika ganda lake, vyote vitaliwa saa 4,” yaweza kujibiwa na shangazi aliyeko Mpwapwa hata kama picha yenyewe imekataa kufunguka.