Kalenda kwanza, kazi tatu baadaye

Muhtasari wa asubuhi, ule wa kalenda, kazi tatu na tabia moja ya siku, ni mzuri, ila sisi wa Kalemie tuna jambo moja la kutazama kabla ya kuandika zile kazi tatu: saa za nani? Kigoma, ng'ambo ya ziwa, wako mbele yetu kwa saa moja, na Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikiwekwa saa za Kinshasa, kalenda yote inateleza. Chagua Lubumbashi kwenye mipangilio.

Chukua siku hii. Mteja wa Kigoma anasema tuongee saa nne asubuhi, yaani saa tatu ya hapa. Ofisi ya Kinshasa nayo inataka mkutano saa nne yao, kwetu saa tano. Simu ya Kigoma ikiisha saa tatu na nusu, unabaki na saa moja na nusu. Hapo inaingia kazi moja nzito, tuseme karatasi za forodha za mzigo wa saruji. Mbili zilizobaki ziwe za dakika chache, la sivyo kesho utazinakili upya, na orodha inayonakiliwa kila asubuhi imeshakufa.

Tabia ya siku nayo usiiandike hewani. "Kuandika matumizi" haitoshi. Andika: "baada ya simu ya Kinshasa, kabla sijasimama, naandika matumizi." Jioni utajibu ndiyo au hapana, basi.