Mfadhili Asiyefadhili

Nilipokuwa kidato cha pili, nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya shilingi 300. Haikuwa karo. Ilikuwa shule ya kutwa ya serikali, na karo ya masomo tulikuwa tumeshaambiwa ni bure. Haikuwa pesa ya chakula cha mchana pia, maana hiyo mama alikuwa ameilipa kwa shida zake. Kwenye karatasi tuliyopewa paliandikwa tu: "Mchango wa mfadhili."

Mama aliisoma ile karatasi mara mbili, kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kulipatia jibu: "Kwani mfadhili si ndiye anayetoa?"

Kama hukusoma shule ya aina hii, hebu nikueleze mambo yalivyo. Shule nyingi za umma nchini Kenya zina mfadhili, na mara nyingi mfadhili huyo ni kanisa, ingawa kuna zilizo chini ya jumuiya za Kiislamu. Jambo hili lina historia yake. Wamishenari walijenga shule wakati serikali ya mkoloni haikujali sana kama mtoto Mwafrika anajua kusoma. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliweka usimamizi wa shule hizo mikononi mwa serikali, na makanisa yakaachiwa cheo cha mfadhili. Yalikuwa maafikiano ya heshima: ninyi mlianzisha, sisi tutaendesha, lakini hatutawafukuza mlangoni.

Sina ugomvi na historia hiyo. Nyanya yangu alifunzwa kusoma na watawa, na mpaka leo ukiwasema vibaya mbele yake utalala njaa. Ugomvi wangu ni na hesabu ya leo.

Tuchukue shule kama yangu, yenye wanafunzi 400. Kwa kiwango kilichowekwa na serikali, kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa hutengewa shilingi 22,244 kwa mwaka. Zidisha mara 400, unapata shilingi 8,897,600. Najua pesa hizo huchelewa, na mara nyingine hufika zikiwa pungufu, lakini zinatoka kwenye kodi yako na yangu. Walimu walioajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu hulipwa na kodi hiyo hiyo. Madarasa yetu mawili mapya yalijengwa na pesa za hazina ya eneo bunge, na mheshimiwa akahakikisha jina lake limeandikwa ukutani kwa herufi zinazoonekana kutoka barabarani. Chakula na mlinzi wa usiku ni juu ya wazazi.

Sasa mfadhili alileta nini? Katika miaka yangu minne pale, nilichokiona ni ibada ya kuwaombea watahiniwa. Padri alikuja, akatunyunyizia maji ya baraka pamoja na kalamu zetu, akala mchana na prinsipo, akaenda zake. Na zile shilingi 300 tulizotozwa sote 400 zilifika 120,000 kwa mwaka. Yaani kwenye hesabu yote ya shule, pesa pekee iliyokuwa na jina la mfadhili ilikuwa inatoka mfukoni mwa mama yangu kwenda kwake.

Lakini hebu ingia kwenye chumba cha mkutano. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili viti vitatu kwenye bodi ya usimamizi wa shule. Walimu wote wa shule wana kiti kimoja. Na nguvu ya mfadhili haiishii kwenye viti. Akihamishiwa shuleni prinsipo wa dhehebu jingine, utasikia waumini wamefunga geti kwa kufuli, ati mfadhili hakushauriwa. Anayemwajiri na kumlipa prinsipo ni Tume, lakini anayetaka kumchagua ni mwingine.

Cha ajabu, sheria yenyewe haina shida kubwa. Kifungu cha 27 kinaeleza kazi ya mfadhili bila kuzunguka. Ashauri kuhusu malezi ya kiroho, na akimweka kasisi shuleni, gharama ni yake. Alinde imani za wanafunzi wasio wa dini yake. Na atoe msaada wa kifedha na wa majengo. Hilo la mwisho limo ndani ya sheria, si maoni yangu. Shida ni kwamba viti vitatu vinatolewa hata kama msaada haukuja. Hakuna anayeuliza, na hakuna adhabu.

Hilo la kulinda imani za wengine nalo lina mtihani wake. Katika shule ya umma ya Mtakatifu Paulo, Kiwanjani, kule Isiolo, wasichana wa Kiislamu walitaka kuvaa hijabu pamoja na sare. Maafisa wa elimu waliwakubalia. Aliyekwenda mahakamani kupinga ni mfadhili, Kanisa la Methodisti. Mahakama Kuu ikalipa kanisa ushindi mwaka 2015, Mahakama ya Rufaa ikawapa wasichana haki mwaka 2016, kisha Mahakama ya Juu, Januari 2019, ikaufuta uamuzi huo wa rufaa kwa sababu ombi la upande wa wasichana halikuwasilishwa kwa utaratibu unaofaa. Miaka ikaenda hivyo, na mtoto wa shule hana miaka ya kungoja mahakama. Angekuwa mzazi wa kawaida anayeipinga sare hiyo, angeambiwa aandike barua. Mfadhili ana mawakili.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kanisa lilitoa ardhi. Ni kweli, shule nyingi zimekaa kwenye shamba la kanisa, na hilo ni jambo kubwa. Basi liandikwe kama mchango, lipewe thamani, na shule ipate hati ya kukodi ya miaka mingi. Ilivyo sasa, ardhi ni fimbo iliyowekwa pembeni: mkizozana, mnakumbushwa mko kwa nani. Nitaambiwa pia kanisa linaleta nidhamu. Labda. Lakini shule yetu ilichoma bweni la walimu nikiwa kidato cha tatu, wiki mbili baada ya ibada.

Na mtu asinielewe vibaya. Mahali ambapo taasisi za dini zinabeba mzigo, ziheshimiwe. Kuna hospitali za misheni zinazotibu watu vijijini huku zikisubiri serikali ilipe madeni ya bima. Huko anayedaiwa ni serikali, na ilipe. Ninachokataa ni heshima ya mwenye kubeba kupewa mwenye kutazama.

Ninachotaka ni kidogo. Kila Januari, shule ibandike kwenye ubao wa matangazo karatasi moja inayoonyesha mfadhili alitoa nini mwaka uliopita: pesa, darasa, vitabu, mshahara wa kasisi, chochote. Asiyetoa kitu kwa miaka mitatu mfululizo abaki na kiti kimoja cha ushauri wa kiroho, na viti viwili viende kwa wazazi. Na mwanafunzi asitozwe hata senti kwa jina la mfadhili.

Chuo kikuu niliacha mwaka wa pili, karo iliponishinda. Siku niliyofunga mizigo, nilipiga hesabu ya kila shilingi iliyotumika kunisomesha tangu darasa la kwanza na nani aliitoa. Serikali ilikuwemo. Mama alikuwemo, na chama chake, na mjomba aliyeuza mbuzi. Mfadhili alikuwemo pia, mara nne, shilingi 300 kila mara. Upande wa waliopokea.