Hita ya sola hurudisha pesa kupitia kodi

Wengi hupiga hesabu ya umeme unaookolewa, lakini mpangaji mwenye mita yake ya tokeni ndiye anayeokoa, si mwenye nyumba. Sisi wenye nyumba tuhesabu kodi. Tuseme hita ya lita 200 imegharimu shilingi 150,000 pamoja na ufundi, na kodi ikapanda 3,000 kwa mwezi: ni miezi 50 kurudisha pesa. Nyumba ya 30,000 ikikaa tupu mwezi mmoja tu, nyongeza ya miezi kumi imekwenda. Na huku kwetu Kitengela maji ya kisima yana chumvi. Chumvi hiyo hujenga ukoko ndani ya mirija ya hita, maji yakawa yanachelewa kupata moto. Pimeni maji kwanza, kisha mchague hita ambayo maji ya kuoga hayapiti kwenye mirija.